Kadi ya Maskati, Nyumba ya Ng'ambo

Nianze kwa kusema kweli kabla sijasemwa: aliyemponza Riyama ni mimi. Si shetani, si mitandao, si jicho la mtu. Ni mimi Shahida, mwenye kiduka cha fotokopi hapa Ng'ambo, Zanzibar, mjuzi wa kila fomu, ambaye mtu akija na shida ya kompyuta hata hajamaliza kueleza nshaweka mkono kwenye kipanya. Mume wangu husema mdomo wangu una haraka kuliko akili yangu. Siku hizi simjibu.

Riyama namjua tangu chuoni, chuo cha Kurani, tulikuwa tukisomea ubao mmoja. Mwanamke mrefu, mkimya, anatembea na sindano imechomekwa kwenye pindo la kanga kama wengine wanavyotembea na simu. Anashona kofia. Si hizi za mashine zinazouzwa kwa watalii, la. Kofia za mkono, zile za vitundu, ambazo mtu hukaa nayo moja miezi miwili mpaka shingo inakakamaa. Ameachika mara moja, hakuolewa tena, anaishi na mama yake, Bi Kazija, katika nyumba ya Bi Kazija. Ukitaka kumchukia Riyama huna pa kuanzia, ila ana ila moja: akiwa na jambo zito hulifukia. Hasemi. Atakwambia "salama tu, alhamdulillahi," na huku ndani anaungua.

Lakini wa kusimuliwa hasa ni Bi Kazija. Yule mama ndiye aliyekuwa akichora. Miaka arubaini watu wa mji huu wamevaa vichwani mwao vitu vilivyotoka mkononi mwake, wengine hata hawajui. Alikuwa akichora ua lake kwenye karatasi kwa penseli, halafu anachukua sindano na kulitoboa lote, kitundu kwa kitundu, kufuata mstari. Karatasi ile iliyotobolewa huiweka juu ya kitambaa, akaisugua kwa kitambara chenye unga wa buluu ya nguo, na ua likashuka kitambaani kwa vidoto. Mshonaji naye akafuata vidoto. Karatasi mia tatu na kumi na mbili, kila moja na jina lake, zote ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Kisha macho yakamwingia presha. Alikwenda kutibiwa, akarudi, akaenda tena, na mwaka wa tatu huu haoni hata taa.

Riyama alipoona macho ya mama yake yanakwenda, alifanya jambo la akili. Alizipiga picha karatasi zote, moja moja, mchana wa jua, uani, akazitia kwenye akaunti ya kuhifadhi mafaili ya kampuni moja ya nje, zile ambazo unalipa kwa mwaka na vitu vyako vinakaa huko kwao. Simu yake ilikuwa haina nafasi, basi akishapandisha picha anaifuta. Kulipa kunataka kadi ya benki, na Riyama kadi hana. Pesa zake zote ziko kwenye simu, na kampuni ile pesa za simu haizijui. Akamwambia Nasser.

Nasser ni mtoto wa mama yake mkubwa, yuko Maskati mwaka wa kumi na tano sasa. Hapa kwetu nani hana Nasser wake? Bati la nyumba limetoka Maskati, friji imetoka Maskati, dawa ya presha imetoka Maskati. Nasser akasema, "Dada, hilo ndilo la kuniomba? Chukua." Akatuma namba za kadi, Riyama akazitia, na penye anwani ya kadi akatia anwani ya Nasser, kwa sababu benki huangalia hiyo. Nchi ya kadi, Omani. Nchi ya mwenye akaunti, Tanzania. Mwaka ukapita, wa pili ukapita, salama salimini.

Sasa, masika ya mwaka jana. Mvua ile mnaikumbuka. Bati la chumba cha Bi Kazija lilitoboka pembeni, maji yakashuka ukutani kimyakimya mpaka chini ya kitanda. Sanduku la bati lilikuwa na kutu chini, likanywa maji kama sifongo. Riyama alipolifungua, wiki mbili baadaye, alikuta uji. Uji wenye ukungu na mchwa. Alijaribu kuanika, zikang'oka vipande vipande mkononi. Basi akalitoa sanduku usiku mama amelala, akenda kulitupa jaani. Hakumwambia mtu. Alijiambia: zipo kule, picha zipo, mama haoni, kwa nini nimuue mara mbili?

Mama mtu alikuwa akiuliza. "Riyama, nipe karatasi zangu nizishike kidogo." Riyama husema, "Mama, nimewaazimisha kina Ubwa, washonaji wenzangu," au "Mama, nnapika sasa." Hata mimi nilisikia siku moja nilipokwenda kumjulia hali, nikadhani ni hamu ya mtu mzima kushika vitu vyake. Kumbe sivyo.

Basi mwaka huu, mwezi wa kulipa ukafika. Kadi ya Nasser ya zamani ilikuwa imekwisha muda, benki imempa mpya. Nasser kwa wema wake hakutaka kumsumbua dada yake. Akamwomba neno la siri, akaingia mwenyewe kwenye akaunti, yeye yuko kazini kwake Maskati, akatia kadi mpya, akalipa. Asubuhi akaunti imefunguliwa Omani. Adhuhuri Riyama anaifungua yuko Ng'ambo. Jioni ikaja barua pepe.

Akanijia dukani nafunga. Uso hauna damu. "Shahida, nisomee. Mimi Kizungu changu unakijua."

Nikasoma. Walisema malipo wameshindwa kuyathibitisha. Nchi ya kadi inayolipia hailingani na nchi anayoishi mwenye akaunti. Akaunti imezuiwa, kuona majina ya mafaili anaweza, kuyafungua na kuyashusha hawezi. Ana siku thelathini kuthibitisha. Zikipita, akaunti itafungwa na vilivyomo vitafutwa.

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. "Hili tu? Hapana kazi hapa. Wao wanataka nchi zilingane? Tutazilinganisha."

"Vipi?"

"Kadi hatuwezi kuibadilisha. Basi tunabadilisha unapoishi. Tunatia Omani."

Akasita. "Lakini mimi siishi Omani."

"Ebo! Kwani Maskati si kwenu? Babu yako katoka wapi? Nusu ya ukoo wako uko kule, na dada wa mama yako kazikwa kule. Nani atakuja kukugongea mlango kuuliza umelala wapi?"

Hilo ndilo kosa letu, na sidhani kama watu wa pengine wangelifanya kirahisi vile. Sisi tukisema "kwetu" huwa tuna nchi mbili mdomoni na hatuoni uongo. Lakini mashine haijui ukoo. Mashine inajua anwani tu. Nikaandika: nchi ya makazi, Omani. Nikabonyeza. Ikakubali. Nikamwambia Riyama alete soda.

Asubuhi yake ikataka kitambulisho. Nikaskani kitambulisho chake cha Mzanzibari, nikapeleka. Niambie wewe mwenye akili: mtu umeandika unaishi Omani, unatoa kitambulisho cha Zanzibar, na kila siku unaingia kwa intaneti ya Tanzania, kadi ina jina la mwanamume. Ningekuwa mimi mwenye kampuni ningeita polisi. Hayakupita masaa mawili, hata ile ruhusa ya kuona majina ya mafaili ikaondolewa. Akaunti imefungwa kabisa. Wakaandika: taarifa ulizotoa zinapingana. Ukitaka, unaweza kuomba tena kuangaliwa, mara moja tu, na uamuzi huo ni wa mwisho. Siku zinaendelea kuhesabiwa.

Riyama alikaa kwenye benchi langu la wateja. Hakulia. Alisema tu, taratibu, "Shahida, karatasi zenyewe hazipo."

"Hazipo vipi? Si zipo sandukuni?"

Ndipo akanambia. Sanduku, uji, jaa, vyote. Nilitaka kumgombeza kwa kuficha, nilitaka kujigombeza mwenyewe. Mia tatu na kumi na mbili. Miaka arubaini ya mwanamke. Na mimi nimeagiza soda.

Siku zile zilizofuata sitaki kuzikumbuka. Riyama alikuwa akija asubuhi na mapema, anakaa benchini na kofia mkononi, hashoni. Anafungua simu, anajaribu kuingia, inamkatalia, anaifunga. Baada ya dakika kumi anaifungua tena. Alianza kukonda. Kijana mmoja mteja wangu akatwambia kuna programu ya kuifanya intaneti ionekane iko Maskati. Nikamfukuza dukani, maana nshaungua kwa uongo wa kwanza na sikuwa na hamu ya wa pili. Nasser naye akatuma sauti, kakasirika: "Hawa wezi. Pesa wamechukua na mlango wamefunga. Kesho naiambia benki izirejeshe."

Nilimpigia pale pale. "Nasser, wallahi ukifanya hivyo umetumaliza! Benki ikizichukua pesa kwao, wao watadhani kadi imeibiwa, na hapo hata barua yetu hawatoisoma. Kaa kimya. Usiguse kitu. Wala usiingie tena kwenye akaunti hiyo, hata kuchungulia."

"Basi tufanye nini, Shahida?"

"Tuseme kweli," nikasema. Na niliona haya, kwa sababu neno hilo lilikuwa dawa rahisi kuliko zote na sikuwa nimelifikiria.

Nilikaa chini nikafikiri, safari hii kwa akili si kwa mdomo. Yule atakayesoma barua yetu hatujui. Ni mtu amekaa pahala ana barua mia mbele yake. Hajui Zanzibar, hajui Ng'ambo, hajui kwamba hapa mtu kulipiwa na ndugu yake wa Maskati ni kama kuazima chumvi. Yeye anaona mambo mawili: kadi ya huku, mtu wa kule. Anauliza moja tu: je, mwenye kadi anajua? Basi tumjibu hilo, kwa kifupi, na kila neno liwe na karatasi nyuma yake. Mimi naishi Zanzibar, huu hapa ushahidi. Kadi ni ya Nasser, anaishi Omani, huu hapa ushahidi. Ananilipia kwa ridhaa yake, hii hapa sahihi yake. Nilibadilisha nchi nikaandika Omani, nilikosea, si kweli, nnaomba irejeshwe Tanzania. Basi. Tusilie, tusitukane, tusiandike barua kumi kila siku, maana ukiwapelekea barua mpya kila asubuhi unajichanganyia mwenyewe kesi yako.

Upande wa Nasser ulikuwa mwepesi. Akaandika barua ya ruhusa, akatia sahihi, akatuma na kitambulisho chake cha ukaazi, na karatasi ya benki inayoonyesha malipo yale na jina lake. Picha ya kadi nilimwambia afunike namba zote zisionekane ila nne za mwisho. Alikuwa ameandika kwamba Riyama ni "dada yangu". Nikamrudisha. "Kwetu ni dada yako, lakini majina ya baba zenu mbalimbali, yule msomaji ataona uongo mwingine. Andika: mtoto wa mama yangu mdogo." Akaandika.

Upande wa Riyama ndio uliotukwamisha. Kitambulisho kilikuwa kimeshapelekwa na kukataliwa; walitaka na karatasi nyengine yenye jina lake na nyumba anayokaa. Karatasi gani? Umeme wetu ni wa kununua tarakimu za kutia kwenye mita, bili hapana, na mita imeandikwa jina la marehemu baba yake. Maji, jina la marehemu. Benki hana. Mkataba wa pango hana, anakaa kwa mama yake. Mtu amezaliwa kwenye nyumba ile, ameolewa akatoka hapo, ameachwa akarudi hapo, na hapana karatasi hata moja duniani inayosema Riyama anakaa pale.

"Sheha," nikasema. "Hii ni kazi ya sheha."

Siku kumi na tisa zilikuwa zimekwisha.

Sheha wetu, kiongozi wa serikali hapa mtaani, ni Mzee Mkadam, mtu mwema lakini mwoga wa kalamu yake. Tulimkuta ofisini kwake, chumba kimoja chenye meza na picha ukutani. "Shikamoo, Bwana Sheha." "Marahaba, wanangu." Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Riyama nnamjua, nimemwona anatambaa. Barua nitaandika. Lakini hii inakwenda nje ya nchi, na nyumba si yake. Nyumba ni ya Bi Kazija. Sitaki kesho niulizwe mwenye nyumba alisema nini. Mleteni Bi Kazija aseme kwa mdomo wake, atie dole gumba, nami ntagonga muhuri."

"Mama haoni, Bwana Sheha," Riyama akasema haraka. "Kumtoa ni tabu."

"Basi ntakuja mimi, laasiri."

Riyama alinishika mkono nje, kucha zikaniingia. "Shahida, asije. Atauliza barua ya nini. Mama atauliza."

"Na aulize."

"Huelewi. Ataniuliza karatasi ziko wapi."

Nikamwambia kwa ukali, na sijutii: "Mficha maradhi kifo humuumbua. Umeficha mwaka mzima, umefika wapi? Kuna watu wazungu usiowajua unataka kuwaeleza kweli kwa barua, na mama yako uliyetoka tumboni mwake unamnyima?"

Alikwenda nyumbani. Nami nikafuata laasiri, kwa sababu kosa lilikuwa langu na sikutaka kujificha nyuma ya kaunta.

Bi Kazija alikuwa amekaa barazani, amejitanda, amenyooka. Masikio yale! Alitutambua sote kwa nyayo. "Sheha huyo. Na Shahida. Kuna nini, nani amekufa?"

"Hapana aliyekufa, Bi Kazija," sheha akasema. "Nnataka tu uniambie mbele ya mashahidi kwamba Riyama anakaa humu, nimwandikie barua."

"Sasa atakaa wapi? Barua ya nini?"

Sheha akanitazama. Mimi nikamtazama Riyama. Riyama alikuwa amesimama mlangoni, ameishika fremu kwa mikono miwili.

"Ya picha, Mama," akasema. "Picha za karatasi zako. Ziko kwenye akaunti na akaunti wameifunga."

"Picha si kitu. Karatasi si ninazo?"

Kuku alikuwa akiparura uani, nnamkumbuka yule kuku. Kisha Riyama akashuka akapiga magoti pale miguuni mwa mama yake, akasema yote. Bati. Maji. Mchwa. Jaa. Alisema tangu masika. Alisema usiku. Alilia sasa, kilio cha mwaka mzima, mpaka maneno hayasikiki.

Bi Kazija hakumgusa. Alikaa vile vile na mikono mapajani. Sheha akaanza kukohoa.

"Umenizikia mali yangu," Bi Kazija akasema mwisho, "na msibani hukunialika."

"Mama, nisamehe. Nilikuonea huruma."

"Huruma! Nimezika mume, nimezika watoto wawili, nimezika macho yangu. Karatasi ndizo ungenionea huruma?" Akageuza uso upande wa sheha. "Andika, Mkadam. Andika anakaa humu. Binti yangu, wa tumbo langu, anakaa humu kwangu. Dole nitie wapi?"

Akatia dole gumba pale nilipomwongoza. Kisha akainuka, akapapasa ukuta, akaingia chumbani mwake, akafunga mlango.

Usiku ule ule niliitafsiri barua ya sheha kwa Kizungu, chini nikaandika jina langu kuwa ndiye mfasiri, nikaambatisha na ya Kiswahili yenye muhuri. Barua yenyewe ya kueleza haikuzidi nusu ukurasa. Riyama alitaka tuongeze kwamba ni kazi ya mama yake, kwamba mama haoni, kwamba asili zimeoza. Nikaweka sentensi moja tu mwisho: mafaili haya ni michoro ya mama yangu na hayana nakala nyengine. Tukaipeleka kwa barua pepe ile ile ya akaunti, mara moja, tukakaa.

Kukaa huko ndiko kulikotuua. Siku ya ishirini na mbili, kimya. Ya ishirini na nne, kimya. Riyama aliniambia mama yake hasemi naye. Anakula, anasali, anaoshwa, anavaa, neno hapana. Siku ya ishirini na tano Riyama alinambia, benchini pale, "Zikifutika, sirudi nyumbani." Nikamuuliza atakwenda wapi. Akasema hajui. Nilimwamini, na niliogopa. Nilisali siku zile kama mtu mwenye mgonjwa.

Ya ishirini na saba, saa tatu asubuhi, mashine ya fotokopi inanguruma, nikaona simu inamtetemeka mkononi. Alinipa bila ya kuitazama. Nikasoma mara mbili kabla sijafungua mdomo, maana nshajifunza.

Wamekubali maelezo. Nchi ya makazi imerejeshwa Tanzania. Akaunti imefunguliwa, ila kadi ya Nasser wameitoa. Kuanzia mwaka ujao ilipwe kwa kadi ya nchi anayoishi mwenye akaunti.

"Imefunguka," nikasema. "Riyama, imefunguka! Zote zipo!"

Alishuka benchini akasujudu pale pale kwenye sakafu yangu chafu. Mimi nililia kama mtoto, wateja wakaniona, na wala sikujali. Tulizishusha zote kwenye kompyuta yangu, tukazinakili kwenye fleshi mbili, moja yake, moja yangu. Kisha nikatia karatasi nzuri, nzito, nikaanza kuchapa. Nilichapa mpaka adhuhuri, bure, printa inatoka moshi. Riyama akakimbia nyumbani, akarudi na mama yake, anamwongoza kwa mkono. Sijui alimwambia nini akakubali kuja.

Nikamkalisha Bi Kazija. Nikamwekea rundo zima mapajani. "Bi Kazija, hizo. Mia tatu na kumi na mbili, haikukosekana hata moja."

Aliichukua ya juu. Aliiweka juu ya kaunta, akaitandaza kwa kiganja, na kidole chake cha shahada kikaanza kwenda. Kilikwenda pembeni, kikarudi katikati, kikazunguka. Akaigeuza upande wa pili, akapapasa tena. Akaiweka chini, akachukua ya pili. Akachukua ya kumi. Mikono ilikuwa inatafuta kwa haraka sasa.

"Hizi tupu," akasema.

"Si tupu, Mama," Riyama akasema. "Hii ni ile ya mkungu, hii..."

"Tupu, Shahida. Vitundu viko wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilimwona Riyama naye anaelewa, uso ukimwanguka. Kumbe zile siku zote Bi Kazija alizokuwa akisema nipe nizishike, hakuwa na hamu ya karatasi. Alikuwa akitaka kuzisoma. Macho yalikwenda, lakini kila ua alilitoboa mwenyewe kwa sindano, na kidole kilikuwa kinaliona. Alikuwa bado nazo zote, mpaka masika. Riyama alidhani anamficha mama asiyeona kitu asichoweza kukiona tena.

Printa ilikuwa bado inanguruma, nikaizima.

Riyama hakulia safari hii. Alichukua karatasi ya kwanza, akakunja kanga yake mara nne akaiweka chini ya karatasi juu ya kaunta yangu, akachomoa sindano pindoni. Akainama. Akatoboa kitundu cha kwanza, cha pili, cha tatu, akifuata mstari wa mama yake. Bi Kazija aliposikia ile sauti ndogo ya sindano, aligeuza kichwa. Akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akaukuta mkono wa bintiye, akashuka nao mpaka kwenye karatasi. Kidole kikasimama kwenye kitundu cha tatu.

"Hicho umekwenda nje," akasema. Ndilo neno la kwanza alilomwambia tangu siku ya sheha. "Rudi ndani kidogo. Polepole."

Mpaka leo wako karatasi ya arubaini na sita.